Alama za Tanuri

Mtoto wa Hezekia wa Sepuka, huyu Damari, hajui kukaa. Ukimpa kiti atakalia ncha, ukimpa chai ataimaliza akiwa anatembea. Nilimjua akichunga mbuzi wa baba yake, na mbuzi ndio waliokuwa wakichoka kabla yake. Sasa ni mwanamke mtu mzima, Afisa Utumishi wa kiwanda chetu cha kukamua alizeti hapa Ikungi, kiwanda cha ushirika wa wakulima, na bado ukitaka kuongea naye lazima uwe na miguu.

Mimi miguu ninayo. Shule niliishia chini, lakini wakulima walinichagua niwe mjumbe wao kwenye bodi kwa kuwa napita kila mahali. Leo niko Sepuka, wiki ijayo utasikia nimeonekana Shelui nikinywa uji na madereva wa malori. Kwa hiyo Damari alipoambiwa aunde kamati ya kupima kazi, nami nikatiwa humo. Nilidhani tunakwenda kupima watu nani mvivu. Ndivyo walivyodhani wengi.

Kisa chenyewe kilianza na manung'uniko. Pale kiwandani kila mtu alikuwa analipwa kadiri alivyobishana siku ya kuajiriwa. Aliyekuja na mdomo alipata daraja zuri, aliyekuja na aibu alipewa lililobaki. Watu wa mashinani waliwaonea kijicho watu wa ofisini, wa ofisini waliona wa mashinani wanadekezwa, na kila mwisho wa msimu kulikuwa na mgomo wa nusu siku. Bodi ikachoka. Ikamwambia Damari: tengeneza kipimo.

Siku ya kwanza ya kamati alituandikia ubaoni maneno manne. Ujuzi. Juhudi. Wajibu. Mazingira ya kazi.

"Kila kazi ya kiwanda hiki tutaipitisha kwenye haya manne," akasema, huku akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. "Ujuzi ni yale ambayo kazi inataka mtu ayajue, kwa shule au kwa mazoea. Juhudi ni nguvu za mwili na za akili. Wajibu ni nini kitaharibika akikosea, na nani ataumia. Mazingira ni joto, vumbi, kelele, hatari. Kila kigezo kina ngazi tano, na kila ngazi imeelezwa kwa maneno, ili mtu asitoe alama kwa kupenda."

Enock, mhasibu wetu, kijana mnyoofu mwenye miwani, akauliza kama vigezo vyote vina uzito sawa.

"Hapana. Jumla ni alama elfu moja. Ujuzi una mia tatu na hamsini, wajibu mia tatu, juhudi mia mbili, mazingira mia na hamsini. Uzito huo tunakubaliana sasa, kabla hatujapima kazi hata moja. Tukisubiri matokeo ndipo tupange uzito, kila mtu atavuta kamba kwake."

"Na jina la mtu?" Huyo alikuwa Miraji, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, mtu wa maneno mengi na vicheko.

"Jina halitajwi. Tunapima kazi, hatumpimi aliyeishika. Mtu akiwa hodari au goigoi, hilo lina siku yake. Hapa tunauliza kiti kinataka nini, hatuulizi aliyekikalia ni nani."

Hapo mimi nikaelewa kidogo. Ni kama kupima jembe, si kumpima mkulima.

Akaweka na masharti mawili, na yote mawili yalikuja kumrudia mwenyewe. La kwanza: mwenye ndugu kwenye kazi fulani atatoka nje kazi hiyo ikipimwa. La pili: kila mfanyakazi ataeleza kazi yake kwenye fomu, mkubwa wake wa zamu atatia saini, na kamati itapima kilichoandikwa tu. Kisichoandikwa hakina alama. Alisema hivyo kuziba mlango wa upendeleo, na wote tulimpigia makofi.

Tukachagua kazi kumi za mfano, za juu na za chini, za ofisini na za mashinani, tujaribie kipimo kabla ya kukipeleka kwenye kazi zote. Miongoni mwao ilikuwemo kazi ya kuchochea tanuri la boila.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Alute. Alute ndiye mchochea tanuri, na amemwoa Happiness, dada mkubwa wa Damari. Ni mtu mrefu, mkavu, kifua kama mlango. Kazi yake ni kubeba viroba vya maganda ya alizeti na kulilisha tanuri, siku nzima, ili boila litoe mvuke wa kupikia mbegu kabla hazijakamuliwa. Mvuke ukishuka, mashine zote zinasimama. Ni Mnyaturu wa zamani kidogo, wa wale waliofundishwa jandoni kwamba mwanaume akikatwa hapepesi jicho. Huwezi kumsikia akisema joto. Ukisema wewe, atakucheka.

Happiness ana woga mmoja maishani: machimbo ya dhahabu ya huko Shelui. Kaka mkubwa wa Alute alifukiwa na kifusi huko, na Alute kila akiudhika kazini husema ataenda kuchukua shimo la kaka yake. Kiwanda ndicho kilichokuwa kinamshika hapa juu ya ardhi.

Tulipofika kwenye kazi ya tanuri, Damari alinyanyuka akatoka nje kama sharti lilivyotaka. Nikamwona dirishani anazunguka marundo ya mashudu, mabaki ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa. Enock akasoma fomu. Penye swali la "Kazi hii inakuchosha au kukuumiza vipi?" palikuwa na maneno machache: *Hainichoshi. Nimezoea.* Penye joto na hatari: *Kawaida tu.* Penye wajibu: *Naweka maganda.* Mkubwa wa zamu, Mnyaturu mwenzake, naye alitia saini bila neno. Angeongeza nini? Angemsemea mwanaume mwenzake kwamba anaungua?

"Jamani," nikasema, "pale mimi nimepita, nyusi zilikaribia kuondoka."

"Mzee, hilo halijaandikwa," akasema Enock, kwa upole. "Tukianza kuongeza ya kwetu, kesho nami nitaongezewa ya shangazi yangu. Sharti ni sharti."

Miraji akakuna kichwa. Tukapima kilichoandikwa. Ujuzi ngazi ya pili, juhudi ya pili, wajibu ya kwanza, mazingira ya kwanza. Jumla mia tatu na kumi.

Kazi ya kufagia uwanja, ambayo Yasinta aliieleza kwa ukurasa na nusu, mgongo, vumbi, jua, na nyoka mmoja aliyemkuta kwenye magunia, nayo ilitoka mia tatu na kumi.

Damari aliporudi akaziona namba. Alikwenda dirishani, akarudi mlangoni, akaenda tena dirishani.

Matokeo ya majaribio hayakutakiwa kutoka nje ya chumba kile. Lakini Miraji ni Miraji. Kesho yake asubuhi Yasinta alimngoja Alute getini na mafagio mawili.

"Shikamoo mwenzangu wa daraja!" akamwambia. "Hili la kwako. Tuanze upande wa choo au wa ofisi?"

"Una wazimu mama wewe."

"Wazimu wa daraja la pili, baba! Sote mia tatu na kumi. Mimi nimefurahi, sikujua kwamba ufagio una moto kiasi hicho."

Watu walicheka hadi mlinzi akakaa chini. Alute alikuwa daraja la tatu miaka yote. Mshahara wake usingepunguzwa, hilo Damari alilihakikisha mapema na chama. Anayeshuka alama analindwa, ila atasimama palepale mpaka wengine wamfikie. Lakini Alute hakuwaza mshahara. Aliwaza mafagio yale mawili. Akapita bila kumjibu Yasinta, akachochea tanuri siku nzima kana kwamba anataka kulipasua, na jioni akamwambia mkubwa wa zamu: "Mwezi ukiisha natoka. Wakishatangaza hayo mambo yao ubaoni, mimi niko Shelui."

Jumapili Damari akaenda Sepuka kwa dada yake, nami nikajiunga, maana nilikuwa na safari ya upande huo. Njia nzima alikuwa mbele yangu. Anasimama, ananingoja, nikimkaribia anaondoka.

"Baba mdogo," akaniambia, hivyo ndivyo anavyoniita, "kipimo kinasema uongo, na mimi ndiye niliyekitengeneza."

"Basi kirekebishe. Mwongeze."

"Nikimwongeza yeye kwa sababu namjua, nimekiua. Kesho kila mtu atakuja na shemeji yake." Akapiga teke jiwe. "Na nisipofanya kitu, dada yangu atakuwa mjane wa shimo."

Tukamkuta Happiness anasonga ugali. Alute alikuwa kwenye kigoda nje, viganja amevifungia kitambaa chenye maji. Alipotuona akakiangusha kitambaa nyuma ya kigoda, akanisalimu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mikono vipi?"

"Mikono ipo."

"Ipo wapi, haiwezi hata kushika kikombe!" Happiness akasema kutoka jikoni. "Anakunywa chai kwa viganja viwili kama mtoto. Jana kaniambia nimkunie macho. Macho, Damari! Yamekuwa kama ya njiwa."

"Wewe mwanamke, mgeni hajakaa unamwaga mambo."

"Wageni gani, huyu mdogo wangu, huyu baba yetu mdogo."

Damari akachuchumaa mbele yake. "Shemeji, kwa nini uliandika hainichoshi?"

"Kwa sababu hainichoshi."

"Shemeji."

"Nimeulizwa mimi, nimejibu mimi. Mlitaka niandike nalia? Fomu ile inasomwa na yule kijana wa miwani, inasomwa na Miraji. Miraji angeipigia ngoma mpaka Manyoni. Alute anaungua! Alute anaomba maji!" Akasogeza kigoda. "Kama kiwanda hakijui kazi ya tanuri mpaka mwanaume alie, basi wakae na kiwanda chao. Shimoni huulizwi maswali."

"Shimoni kaka yako yupo hadi leo," Happiness akasema. Tukala. Damari alikula akiwa amesimama.

Wakati wa kurudi tulifika karibu na barabara ya Dodoma. Lori moja lilikuwa limeharibika, na utingo alikuwa anamtania mwenzake aliye chini ya gari: "Ungekuwa wewe dereva wa mlima Sekenke ungeweza? Wapo waliofika kilimani wakashuka wakalia!" Yule wa chini akajibu kwa kutaja mmoja baada ya mwingine, nani alirudi nyuma, nani aliacha gari, nani alikimbilia kanisani. Damari akasimama kuwasikiliza hadi mimi ndiye niliyetangulia. Mara ya kwanza maishani mwangu.

"Swali ndilo bovu," akasema aliponifikia. "Nimemuuliza mtu anavyoumia. Nimempima yeye, wakati nilisema napima kazi."

Jumatatu akaita kamati. Akasema ukweli tangu mwanzo: kazi iliyomfanya alione kosa ni ya shemeji yake. Enock akaweka kalamu chini.

"Dada Damari, nakuheshimu. Lakini hili linanuka. Unamtafutia shemeji alama."

"Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo."

"Ukisukuma namba moja, umeziua zote."

"Sisukumi namba. Naomba tubadili swali, na tulibadili kwa kazi zote kumi, pamoja na ya kwako ya uhasibu. Zitakazopanda zipande, zitakazoshuka zishuke. Fomu ya kwanza inamuuliza mtu yeye anachoka vipi. Mwenye kulalamika anapata alama, mwenye kuona aibu anakosa. Hicho si kipimo cha kazi, ni kipimo cha mdomo. Tumetoka kwenye ubishi wa siku ya kuajiriwa tukarudi kulekule."

Miraji akasema, "Yasinta na nyoka wake!" akacheka, halafu akaona hakuna anayecheka, akaacha.

"Swali jipya ni hili," Damari akaendelea. "Mtu mgeni akiletwa leo kwenye kazi hii, atashindwa wapi? Na pili, hatungoji karatasi. Kamati itakwenda mahali pa kazi, itasimama pale, itapima joto na uzito, itaangalia. Kinachoonekana kitaandikwa kama kilichosemwa. Kwenye tanuri mimi siendi. Waende Miraji na mzee, na wewe Enock, kwa kuwa wewe ndiye usiyetaka."

"Bodi inakaa wiki ijayo," akasema Enock.

"Basi tuwahi."

Tukaenda. Siwezi kuwaambia kila kituo. Kwa mtunza stoo tuliambiwa mgeni angeshindwa kwenye hesabu za mbegu zinazopungua uzito zikikauka, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, na wajibu wake ukapanda. Kwa dereva wa meneja swali lilikaa hewani. "Mgeni atashindwa wapi?" Dereva akafikiri sana. "Labda kumngoja meneja," akasema. Yake ikashuka kidogo. Alikuwa ameandika kurasa tatu mara ya kwanza.

Kisha tanuri.

Mnapoingia pale, joto halikujii mbele peke yake, linakushika na kisogo. Moto unanguruma kama ng'ombe aliyefungiwa. Alute alikuwa kifua wazi, kitambaa kichwani, kiroba begani. Alipotuona akatua kiroba na kutabasamu kwa dharau.

"Karibuni kwenye ubaridi."

Enock akatoa kipimajoto, akakining'iniza kwenye msumari pale anaposimama mchocheaji. Miraji akaanza, na Damari alikuwa amemkataza kabisa asiulize habari ya kuchoka.

"Bwana Alute, tumekuja na swali dogo. Mtu mgeni akiletwa hapa leo, atashindwa wapi?"

Alute akamtazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. Halafu kifua kikapanuka.

"Mgeni? Mgeni yupi? Wameshaletwa! Yule Sixbert wa Itigi, si mlimleta? Kifua kile! Alikaa siku tatu, ya nne akaomba ruhusa ya choo, hadi leo yuko chooni."

Miraji akapiga kofi pajani. "Enhe!"

"Halafu yule mwingine mnene, aliyesema amefanya kazi kwenye matanuri ya matofali. Akaufungua mlango wa tanuri amesimama mbele! Mlango huu husimami mbele, unasimama ubavuni, moto hutoka kukusalimia. Ukamsalimia. Alikwenda bila nyusi." Alikuwa anacheka sasa, anatuonyesha kwa mikono. "Na yule mtoto wa mchungaji. Huyo mkono wa kubeba alikuwa nao, lakini hana jicho. Unaona kioo kile cha maji? Maji yakishuka chini ya alama ile, unamwita fundi wa mvuke mara moja na unaacha kulisha moto. Yeye alikuwa anaendelea tu kulisha, analisha! Nilimsukuma. Boila lingepasuka litupeleke wote mbinguni, na wale mama wa kuchekecha mbegu ukuta wa pili."

Enock alikuwa anaandika. Miwani ilikuwa imejaa ukungu, anaivua, anaifuta, inajaa tena. "Viroba vingapi kwa zamu?" akauliza.

"Hivyo havihesabiki. Mgeni anashindwa kabla ya saa sita mchana. Mgongo hauumii asubuhi, mgongo unamngoja. Na hawezi kuketi, kwa sababu ukiketi mvuke unashuka, mvuke ukishuka meneja anapiga simu." Akabeba kiroba kwa mkono mmoja, akakipandisha begani. "Hapa hashindi mtu. Nawaambia, hapa hashindi mtu."

"Wewe je?" Miraji akateleza.

"Mimi nimezoea," akasema Alute, akatupa maganda ndani ya moto.

Enock alikwenda kuchukua kipimajoto. Alikishika kwa vidole, akakiachia haraka, kikavunjika. Alichokuwa amekisoma kabla hakijaanguka alikiandika. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye jiwe, akafungua vifungo vya shati. Hakuwa mtu wa kufungua vifungo.

Kamati ilipokaa kupima kazi ya tanuri upya, Damari alikuwa nje. Nilimwona anakwenda mpaka getini, anarudi, anahesabu sijui nini kwenye paa. Ndani, Enock ndiye aliyeshika fomu.

"Ujuzi," akasema. "Hauhitaji cheti, kuna fundi wa mvuke juu yake. Mimi nabaki ngazi ya pili."

Miraji alitaka ya tatu. Wakasoma maelezo ya ngazi mara mbili. Ya tatu ilitaka mafunzo rasmi. Wakabaki ya pili. Juhudi wakaipandisha hadi ya nne. Kwenye wajibu Miraji akataja wale mama wa ukuta wa pili, Enock akasema lakini uamuzi wa mwisho ni wa fundi, mchocheaji anaona na kuita. Wakakubaliana ya pili. Mazingira: Miraji na mimi tulitaka ngazi ya tano.

"Ya tano inasema hatari ya kifo zamu nzima isiyokingika," akasema Enock. "Pale kuna mlango unaoufungua ukiwa ubavuni, kuna fundi, kuna kinga hata kama hatujainunua. Ya nne." Akavua miwani. "Na kama bodi itanunua glavu na ngao ya uso na feni, itabidi tuje kuipima tena. Inaweza kushuka. Hilo nalo tuliandike."

Kumbe ndivyo kipimo kinavyofanya kazi. Hakimlipi mtu aendelee kuungua. Kinamwonyesha mwenye kiwanda mahali moto ulipo.

Jumla mia tano na arobaini. Daraja la nne, pamoja na fundi msaidizi. Enock alitoka mwenyewe kumwambia Damari. Alimkuta kwenye marundo ya mashudu, na hakumwambia hongera. Alimwambia, "Ya kwangu imeshuka alama sitini. Mgeni wa uhasibu anafundishika." Wakacheka wote wawili, Damari akawa wa kwanza kuacha kwa sababu alikuwa bado hajui shemeji yake atasema nini.

Bodi ilikubali. Meneja alilalamika juu ya feni na glavu, mimi nikamwuliza kama angependa kutembelea tanuri, akasema hapana haja. Matokeo yakabandikwa ubaoni: jina la kazi, alama kwa kila kigezo, daraja, na siku za kukata rufaa; na kwa tanuri, ahadi ya bodi ya kuleta glavu, feni na mtu wa pili.

Alute alikuja ubaoni mchana, peke yake, akidhani hakuna mtu. Mimi na Damari tulikuwa kibarazani. Alisoma kwa kidole. Kidole kikasimama penye mazingira.

"Ngazi ya nne," akasema bila kugeuka. "Nani alilalamika?"

Damari akafungua mdomo. Nikamgusa mkono.

"Hakuna aliyelalamika," nikasema. "Ni wale uliotutajia. Wa Itigi, yule mnene, mtoto wa mchungaji."

"Wale!" Akaguna. Kidole kikaanza kutembea tena, kikafika kwenye daraja, kikakaa. Nyuma yake Yasinta akapita na ufagio wake mmoja, akataka kusema kitu, akauona mgongo ule, akaamua kufagia.

"Rufaa inakatwaje?" Alute akauliza.

Nilimsikia Damari akivuta pumzi. Kama angeomba ishushwe, sheria yake mwenyewe ingemlazimu kumsikiliza.

"Unaandika kigezo usichokubali na sababu yake," akasema. "Chama kinakusaidia."

"Sikati ya alama." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu vilevile. "Mmeandika hapa kiwanda kitaleta mtu wa pili wa tanuri. Huyo mgeni hamkumwandikia mapumziko. Mgeni hawezi kusimama pale zamu nzima, nimewaambia wenyewe. Andikeni kila baada ya saa moja atoke nje anywe maji."

"Nitaandika. Na wewe, shemeji?"

"Mimi nimezoea."

"Najua."

"Lakini mgeni hawezi kutoka peke yake, atatoroka kama yule wa Itigi." Akafunga kitambaa kichwani vizuri. "Lazima mtu atoke naye, akae naye kivulini mpaka saa ya kurudi. Hiyo nayo iandikwe kwenye kazi yangu."

Damari akaandika akiwa ameketi, kiti kizima.

Alute akarudi kwenye moto wake. Siku hiyo ilikuwa mwisho wa mwezi.